Mdudu wa Kidole na Mpaka wa Maji ya Vuguvugu

Uvimbe mwekundu wa kando ya ukucha, ambao wengi huuita mdudu wa kidole na wengine kaka, huanzia kwenye jeraha dogo. Mtu hung'oa kigozi kwa meno, au hukatwa ngozi ya ukucha saluni, na bakteria, mara nyingi stafilokoki, hupenya kwenye mwanya huo. Watu hukimbilia kuuliza dawa ya kununua, ilhali swali linaloamua matibabu ni moja: usaha umeshajikusanya au bado?

Chukua mama lishe aliyechana kigozi cha kidole cha shahada Jumatatu. Kufikia Jumatano pembeni mwa ukucha pamekuwa pekundu, pana joto na panauma, lakini hapana weupe wala palipotuna kwa ulaini. Hapo maji yanatosha kujaribiwa: ya vuguvugu, yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha kidole kikaushwe vizuri. Joto huongeza damu inayofika mahali pale, na ngozi ikilainika usaha kidogo unaweza kupata njia. Ijumaa usiku, hata hivyo, kidole kinapwita asipate usingizi, na ngozi imetuna, laini, yenye umanjano. Akiwa na shaka, abonyeze taratibu nyama ya ncha ya kidole: palipo na usaha hugeuka peupe na kuonyesha mipaka yake. Sasa maji pekee hayatoshi; usaha unahitaji kutolewa.

Atasema mtu kwamba vidonge vya antibayotiki vitamaliza kazi. Lakini dawa husafiri na damu, na ndani ya usaha uliofungiwa damu haipiti. Kinyume chake, usaha ukishatolewa vizuri, mtu mwenye afya mara nyingi hahitaji vidonge. Wengine husema uvimbe utapasuka wenyewe. Huenda, ila pia usaha unaweza kupita chini ya ukucha na kuuinua. Basi kwa nini asitoboe mwenyewe kwa sindano ya kushonea? Kwa sababu daktari hatoboi ovyo: hutia ganzi ikihitajika, kisha kwa chombo safi huinua ngozi kutoka juu ya ukucha, usaha ukatoka palepale, mara nyingi bila kukata nyama. Sindano ya nyumbani hupeleka uchafu ndani zaidi.

Tena, si kila uvimbe ni wa kutobolewa. Malengelenge madogo yaliyosongamana, yenye maji maangavu, huweza kuwa ya virusi vya herpesi, na kuyapasua ni kosa. Nyama ya ncha ya kidole ikikaza na kuuma sana, kidole kizima kikivimba na kushindwa kunyooka, mstari mwekundu ukipanda mkononi, au homa ikiingia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asingoje dalili hizo. Aonwe mapema, uvimbe ungali mdogo.