Katalogi na salamu za Idi kwenye WhatsApp Business

Katalogi ya WhatsApp Business ni rafu ya picha inayokaa ndani ya wasifu wa duka, na mteja huifungua bila kutoka kwenye mazungumzo. Kila bidhaa inaweza kubeba hadi picha 10, jina, bei, maelezo, kiungo na namba ya utambulisho, na katalogi nzima huchukua bidhaa 500. Duka la nguo za Idi halifiki hata robo ya idadi hiyo. Kazi kubwa ni kuamua kipi kihesabiwe kuwa bidhaa moja.

Tuseme duka la Kariakoo linauza kanzu nyeupe za aina 3, kila aina kwa urefu wa inchi 52 hadi 60, pamoja na baraghashia na magauni ya watoto. Kila urefu ukiandikwa kama bidhaa ya peke yake, mteja atapitia picha nyingi za kanzu zinazofanana, na huenda akaondoka kabla hajafika kwenye magauni. Saizi zote zikitiwa mahali pamoja, kanzu ya mtoto itaonekana kwa bei ya mtu mzima. Njia inayofanya kazi ni kutenganisha bidhaa pale bei inapobadilika, na kuziacha pamoja pale bei ni ile ile. Basi kila aina ya kanzu ya mtu mzima inakuwa bidhaa moja, saizi zilizopo zinatajwa kwenye maelezo, na kanzu ya mtoto inakaa kivyake. Saizi ikiisha, inafutwa kwenye maelezo. Aina nzima ikiisha, inafichwa kwa `Hide item`, ili msimu ujao isihitaji kupigwa picha upya.

Picha ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye orodha, kwa hiyo inafaa iwe ya kanzu nzima. Darizi la shingoni linaweza kusubiri picha ya pili. Bei si lazima kuijaza, na wapo wanaoiacha makusudi ili mteja aulize. Wakati wa kawaida desturi hiyo huanzisha mazungumzo. Katika kumi la mwisho la Ramadhani huanzisha foleni ya watu wanaouliza swali moja, huku muuzaji akiwa na kanzu mkononi na mteja mbele yake.

Bidhaa haionekani kwa wateja mara tu inapowekwa. Picha zake hukaguliwa kwanza, na zikikataliwa hutokea alama nyekundu ya mshangao, ambapo mwenye duka anaweza kuomba zitazamwe tena. Kanzu kwa kawaida hazina tatizo. Muuza mbuzi wa Idi el-Hajj ndiye mwenye kazi, kwa sababu sera ya biashara ya WhatsApp hairuhusu kuuza wanyama hai, mifugo ikiwemo. Kwa kuwa ukaguzi huchukua muda, mzigo wa Idi unafaa kuingizwa mwanzoni mwa Ramadhani.

Mteja akishachagua, huweka vitu kwenye kikapu na kukituma. Kikapu hicho hufika dukani kama ujumbe tu: hakijalipiwa wala hakijashikilia mzigo. Watu wawili wanaweza kutuma kikapu chenye kanzu ile ile ya mwisho katika dakika moja, na programu haitamzuia hata mmoja. Tena kikapu kinachosema “Kanzu nyeupe 2” hakisemi ni za inchi ngapi. Mapengo haya mawili, saizi na malipo, ndiyo yanayopaswa kuzibwa na ujumbe wa salamu.

Ujumbe huo huwekwa kwenye sehemu ya zana za biashara, `Business tools`, chini ya `Greeting message`. Hutumwa wenyewe kwa mtu anayeandikia duka kwa mara ya kwanza, au aliyenyamaza kwa siku 14. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mteja wa kila wiki, aliyenunua baraghashia juzi, hataupata kamwe. Mwenye duka akiandika humo tarehe ya mwisho ya kupokea oda za kushona, tangazo litawafikia wageni na kuwapita wateja wake wa siku zote. Hao wanahitaji kuambiwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwenye Status.

Kwa duka letu, salamu inaweza kusomeka hivi:

```
Assalamu alaykum, karibu. Kanzu, baraghashia na magauni ya Idi
yapo hapa: wa.me/c/255XXXXXXXXX
Ukituma oda, tuandikie saizi na mahali ulipo.
Oda za kushona mwisho Ramadhani 20.
Mzigo unawekwa pembeni baada ya malipo.
```

Kwenye alama za X hukaa namba ya duka, bila sifuri ya mwanzo. Sentensi ya mwisho inaweza kuonekana kavu, lakini ndiyo inayomaliza ugomvi wa kanzu moja na wateja wawili. “Idi Mubarak” haimo, kwa kuwa watu bado wamefunga.

Wapokeaji nao huchaguliwa. `Everyone` ni watu wote, na `Everyone not in address book` ni wale ambao namba zao hazijahifadhiwa kwenye simu ya duka. Chaguo la pili huwaokoa ndugu na jamaa wasipokewe kwa bei za kanzu. Lakini muuzaji mwenye tabia ya kuhifadhi kila mteja atakuwa amewafungia mlango hata walionunua mara ya mwisho Idi iliyopita.

Kujaribu kama salamu inafanya kazi kunahitaji simu ambayo haijawahi kuliandikia duka. Simu ya mke au ya msaidizi, iliyoandika jana, haitapokea kitu, na mwenye duka ataanza kufuta na kuandika upya ujumbe usio na kasoro yoyote.

Kwa saa za kufunga kuna ujumbe mwingine, `Away message`, unaoweza kufuata saa za kazi zilizoandikwa kwenye wasifu. Mtego wake hapa kwetu ni saa zenyewe. Duka linalofunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku linaandikwa 9:00 AM hadi 10:00 PM. Aliyezoea saa za Kiswahili akijaza 3:00 AM hadi 4:00 PM, programu itaelewa kwamba duka hufunguliwa saa 9 usiku na kufungwa saa 10 jioni. Baada ya futari, wateja wanapoanza kuandika kwa wingi, wote wataambiwa duka limefungwa ilhali taa zinawaka. Dalili yake ni wateja wa usiku wanaouliza, “Kumbe mpo?”

Ujumbe huu pia hautoki kama simu ya duka haina intaneti. Bando likiisha usiku, aliyeandika saa 5 hatajibiwa.

Ratiba ya sikukuu huwekwa kwa `Custom schedule`, kwa tarehe na saa ya kuanza na ya kumaliza. Idi el-Fitr haikubali kupangwa kwa uhakika hivyo, kwa sababu Ramadhani huisha kwa siku 29 au 30, na jibu hupatikana usiku wa mwezi kuandama. Duka linalofunga Idi mosi na Idi pili litaweka ratiba ianze siku ya kwanza inayowezekana. Mwezi usipoonekana, muuzaji ataizima kwa mkono na kuisogeza mbele siku moja, kwani siku hiyo ya 30 ndiyo ya kuuza zaidi.

Biashara ikifunguliwa tena, mstari wa Ramadhani 20 unafutwa kwenye salamu, la sivyo mgeni wa mwezi wa Shawwal ataambiwa amechelewa.