Umesukia Wapi?
Namna msusi anavyoweza kumlipa mteja aliyemletea mteja bila kula hasara

Dada aliyesuka juzi akipanda daladala, hachukui vituo viwili kabla jirani yake hajamgeukia: "Zimekupendeza. Umesukia wapi?" Swali hilo huulizwa zaidi wiki mbili za mwanzo, njia zikiwa bado zinaonekana na rasta hazijaanza kutoa vinyweleo. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena. Msusi anayetaka wateja wapya anajua basi kwamba matangazo yake yanatembea mjini kwa siku kumi na nne tu, na kwamba aliyeyabeba anaweza kujibu "kwa dada mmoja hivi kule Sinza", na habari ikaishia hapo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema nacho kinahitaji anwani. Zawadi kwa mteja anayeleta mwenzake inafanya kazi hiyo: inamfanya akumbuke kutaja jina, namba ya simu na mahali. Haimfanyi asifu kazi mbovu, maana hakuna atakayemponza shoga yake kwa ajili ya elfu tano.

Na mteja aliyeletwa na mwenzake hukaa zaidi. Mwaka 2011 watafiti Philipp Schmitt, Bernd Skiera na Christophe Van den Bulte walichapisha matokeo ya kufuatilia wateja karibu 10,000 wa benki moja ya Ujerumani kwa muda wa karibu miaka mitatu. Benki hiyo ilimpa euro 25 kila aliyeleta mteja mpya. Walioletwa hivyo waliondoka wachache kuliko wengine, na thamani yao kwa benki ilikuwa kubwa kwa angalau asilimia 16. Sababu mojawapo haihitaji benki kuielewa: mtu humleta anayefanana naye. Anayesuka kila baada ya wiki sita ana marafiki wanaosuka kila baada ya wiki sita, na anayefika kwa kuelekezwa ameshaambiwa bei, muda wa kukaa kitini na kama mkono wa msusi unauma.

Sasa tupige hesabu ya kichwa kimoja. Tuseme msusi anatoza shilingi 40,000. Rasta zinachukua 12,000, msaidizi anayeshika upande wa pili 5,000, na kiti cha saluni 3,000. Kinachobaki mkononi ni 20,000. Zawadi yoyote lazima itoke kwenye hizo 20,000, wala si kwenye 40,000 zinazoonekana. Wengi wanateleza hapo. Wanaahidi punguzo la elfu kumi wakidhani ni robo ya bei, kumbe ni nusu ya faida.

Zawadi bora kwa msusi ni ile inayomgharimu kidogo na mteja akaiona kubwa: kufumuliwa na kuoshwa bure. Kila aliyesuka anajua adha ya kufumua mwenyewe usiku, mikono juu, mpaka mabega yanakufa ganzi. Kwa msusi, kazi hiyo ni 2,000 za msaidizi na 1,000 za shampuu. Ina faida nyingine ambayo fedha taslimu haina: aliyefumuliwa na kuoshwa yuko tayari kwenye kiti, nywele wazi, na mara nyingi atasuka tena hapohapo. Mgeni naye apunguziwe 3,000 kwenye kichwa chake cha kwanza, ili rafiki yake aone anampelekea neema badala ya kumuuza.

Jumla ya gharama ni 6,000. Kichwa cha kwanza cha mgeni kinabakiza 14,000, na kila anaporudi kinabakiza 20,000 kamili. Akirudi mara mbili tu mwaka huo, ameacha 54,000. Linganisha na kushusha bei kwa elfu tano ili kuvuta watu. Mwenye vichwa 25 kwa mwezi atapoteza 125,000, nyingi zikienda kwa wateja ambao wangekuja tu. Kwa mpango wa zawadi, wageni wanne wamemgharimu 24,000, na hakuna aliyelipwa kabla mgeni hajaketi na kulipa.

Wakati wa kuomba ni mmoja. Ncha zimeshachovywa kwenye maji ya moto, taulo limetoka begani, mteja anageuza shingo mbele ya kioo na kujipiga picha. Hapo msusi anampa kadi tatu alizoandika jina la mteja huyo kwa mkono na kumwambia: "Dada, akija mtu na kadi yako akasuka, siku ya kufumua njoo, utafumuliwa na kuoshwa bure." Sentensi moja inatosha. Jina kwenye kadi linamaliza ugomvi wa wawili kudai mgeni mmoja: kadi iliyofika mkononi ndiyo inayohesabika.

Kisha kuna daftari: tarehe, jina, simu, ameelekezwa na nani, amelipa, zawadi imetolewa. Mgeni asiye na kadi naye aulizwe, "Nani amekuelekeza kwangu?" Daftari hilo ndilo linalomfichua mteja wa zamani aliyerudi akijiita mgeni. Linamkumbusha pia msusi kutoa zawadi bila kudaiwa, maana mteja aliyelazimika kudai ahadi yake hataleta mtu mwingine.

Mpango huu una mipaka. Msusi ana mikono miwili na vichwa viwili vitatu kwa siku. Akigawa kadi kuelekea Idi au Krismasi, mgeni atakaa benchi saa tano, aondoke hajasukwa, na habari hiyo itasambaa haraka kuliko sifa. Kadi ziandikwe "Jumanne hadi Alhamisi", siku ambazo kiti hukaa kitupu. Kama kadi thelathini zimetoka na baada ya wiki sita hakuna hata moja iliyorudi, asiongeze zawadi. Awapigie wateja watatu awaulize kwa upole. Huenda anasuka kwa kukaza mno, vipele vinatoka na nywele za kwenye paji zinakatika. Mtu hamwelekezi rafiki yake kwenye maumivu.

Kwa mwalimu wa tuisheni, kanuni ni hizohizo ila saa ni nyingine. Kazi yake haionekani kwenye kioo. Huonekana mtihani wa kati ya muhula unaporudi, mtoto aliyekuwa na 34 ya hesabu akileta 58. Hiyo ndiyo siku ya kumwomba mzazi. Na zawadi isiende kwa mzazi aliyesema, kwani ataonekana anamfanyia biashara jirani yake. Utafiti wa Gangseog Ryu na Lawrence Feick wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu walio karibu sana huvutwa zaidi pale aliyeelekezwa naye anapopata sehemu ya zawadi. Basi mtoto mgeni apewe vipindi viwili vya kwanza bila malipo. Mzazi aliyemleta atashukuriwa na jirani yake, na kwake hiyo inatosha.

Ndugu msusi, ndugu mwalimu, kabla hujachapa kadi hata moja, fungua daftari leo na uanze na safu moja tu: nani amemleta. Baada ya mwezi utayaona majina mawili matatu yakijirudia. Hao wamekuwa wakikufanyia kazi muda wote bila malipo. Anza kuwashukuru wao.