Sauti hukatika kwenye ti, kosa limeanza kwenye fa

Teno wengi wa kwaya wanaijua noti inayowaumbua. Wimbo uko ufunguo wa G, nao wanatakiwa kupanda fa, so, la, ti, kisha wasimame kwenye do ya juu. Fa na so zinatoka vizuri. Kwenye la shingo inaanza kukaza na kidevu kinanyanyuka. Wakifika ti, sauti inakatika, kinatoka kijisauti chembamba ambacho hakuna aliyekiita. Mwalimu anasema, “Ongezeni nguvu!” Ushauri huo ndio unaoharibu zaidi.

Ndani ya koo, nyuma ya kikoromeo, kuna nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa mwanamume mzima hazifiki urefu wa sentimita tatu. Pumzi ikipita, nyuzi hizo hupigana na kuachana. Kwenye ti hiyo ya teno hufanya hivyo mara 370 hivi kwa sekunde. Tunapoongea, msuli ulio ndani ya kila uzi huufanya uwe mfupi na mnene, na nyuzi hukutana kwa unene wake wote. Hiyo ndiyo sauti ya kifua. Ukiweka kiganja kifuani na kusema “mama” kwa sauti nzito, utausikia mtetemo. Msuli mwingine, ulio nje ya nyuzi, huzivuta zikawa ndefu na nyembamba, nao ndio unaopandisha noti.

Katika falseto, ule msuli wa ndani umeachia karibu kabisa. Kingo tu za nyuzi ndizo zinazotetema, na mara nyingi hazifungi vizuri, ndiyo maana tunasikia hewa hewa. Sauti ya kichwa iko juu vilevile, lakini hapo nyuzi bado zinakutana sawasawa na msuli wa ndani haujaacha kazi yote. Walimu wa uimbaji wanabishana sana kuhusu mipaka ya majina haya, ila kipimo kimoja kinasaidia. Shika noti ya juu kwa sauti ndogo, kisha ikuze polepole. Ikikua hadi kuwa sauti kamili bila kuruka, ulikuwa kwenye sauti ya kichwa. Ikizidi kutoa hewa, au ikishtuka katikati, ulikuwa kwenye falseto.

Turudi kwa teno wetu. Kwenye fa na so aliimba kwa unene wote, akaupandisha unene huohuo hadi la. Msuli wa nje unavuta, wa ndani unang’ang’ania, naye anaongeza pumzi ili kushinda mvutano. Kwenye ti msuli wa ndani unachoka na kuachia ghafla, nyuzi zinakuwa nyembamba mara moja, na pumzi ile nyingi inazikuta haziko tayari. Kwa hiyo tiba haiko kwenye ti. Aanze kupunguza uzito kwenye fa, so iwe nyepesi kidogo kuliko alivyozoea, la nyepesi zaidi. Mwanzoni ataona anaimba kinyonge, na jirani yake ataona hivyohivyo. Avumilie.

Zoezi bora analo mdomoni tayari, nalo ni ile ng’ ya ng’ombe. Ashike ng’ kwenye do ya juu kwa sauti ndogo, ateremke ti, la, so, fa bila kukata, akiacha uzito urudi wenyewe njiani. Kuteremka ni rahisi kuliko kupanda kwa sababu anaanza na nyuzi zikiwa nyembamba tayari. Njia ikishalainika, apande kwa ng’ hiyohiyo, kisha aifungulie irabu: kwanza u, halafu o, na a iwe ya mwisho.

Hiyo a ina matata yake. Maneno yetu mengi huishia nayo, na mtu akiiachama kwenye noti ya juu hujikuta anapiga kelele. “Bwana” inayoangukia ti iimbwe mdomo ukiwa umeviringwa kidogo kuelekea o. Msikilizaji bado atasikia “Bwana”.

Alto nao wana mpito maeneo hayohayo, tofauti ni kwamba kwao uko chini, katikati ya kazi yao ya kila siku. Anayeburuta kifua hadi juu yake husikika mkali, kisha hukatika.

Wapo wanaokatisha sauti makusudi. Jimmie Rodgers wa Marekani alipata jina kwa kuruka kutoka kifuani hadi falseto na kurudi, na santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Wimbo wao “Chemirocha”, uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950, umebeba jina lake kwa matamshi ya huko.

Sauti iliyokauka ni habari nyingine. Mwenye mafua au aliyepiga kelele uwanjani jana ana nyuzi zilizovimba, na zoezi lolote halitazifanya zikutane vizuri. Anyamaze, anywe maji, angoje. Ukavu ukizidi wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.