Mkataba Umeisha, Mpangaji Bado Yumo

Nyumba ya vyumba viwili Mombasa, kodi shilingi 25,000 kila tarehe 1. Mkataba wa mwaka mmoja umekwisha tarehe 31 Desemba. Januari imeingia na mpangaji hajahama, wala hakuna aliyetaja mkataba mpya. Hapo mwenye nyumba aandike mapema, kwa mfano hivi:

“Habari za asubuhi, dada. Mkataba wetu uliisha tarehe 31 Desemba nawe bado unakaa. Kodi ni ile ile 25,000, na masharti mengine ni yale yale mpaka utakapotoka. Nikipokea kodi ya Januari haina maana kwamba nimekuruhusu kuendelea. Tafadhali nijulishe kabla ya tarehe 10 kama unahama au tuandikiane upya.”

Ujumbe huu unafuata kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Mpangaji akibaki bila idhini, wajibu wake wote chini ya mkataba unaendelea hadi atoke. Hawezi kukaa bure kwa kuwa karatasi imekwisha muda. Na mwenye nyumba akipokea kodi, hilo peke yake halihesabiwi kuwa ameridhia.

Lakini akiendelea kuipokea kwa miezi miwili, sheria inahesabu kwamba upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi umeanza. Kuanzia hapo mpangaji si wa kuambiwa atoke kesho. Anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie siku ya kulipa kodi.

Hesabu ya tarehe ndiyo huwaponza wengi. Tuseme kodi ya Januari na Februari imepokelewa, na notisi ikatolewa tarehe 10 Machi. Mwezi mmoja unatimia tarehe 10 Aprili, ila hiyo si siku ya kodi. Kwa hiyo notisi itaishia tarehe 1 Mei, na kodi ya Aprili inadaiwa. Ingetolewa siku chache kabla, mwishoni mwa Februari, ingeishia tarehe 1 Aprili.

Notisi ikiisha na mpangaji akagoma, njia ni mahakama. Kubadilisha kufuli au kutupa vyombo nje humgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa. Maduka na hoteli nyingi zina sheria yao, Sura ya 301, ambayo huhitaji notisi ya miezi miwili au zaidi kwa fomu maalumu, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara.

Kila risiti itaje mwezi unaolipiwa. Fedha zilizopokelewa Februari zikiwa deni la Novemba si kodi ya baada ya mkataba, na bila maandishi hayo ni vigumu kuthibitisha kama ile miezi miwili imetimia.