Lambo la Shamba: Hesabu ya Maji Kabla ya Jembe

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, mvua huanza Desemba na kwisha Aprili. Mwaka wa kawaida hunyesha milimita 500 hadi 600 hivi, kisha mbingu hufunga kwa miezi saba. Katika mwaka huohuo jua na upepo vinaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji yaliyo wazi. Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja, utaelewa kwa nini lambo linaweza kufurika mwezi wa tatu na kubaki tope lenye nyufa mwezi wa sita, nyanya zikiwa bado kijani.

Anayetaka kuchimba lambo huanza kwa kuangalia nafasi aliyonayo na fedha ya vibarua. Hayo ni ya lazima, lakini hayamwambii lambo liwe kubwa kiasi gani. Ukubwa unaamuliwa na maji yatakayoingia, maji yatakayonywewa na mazao, na maji yatakayopotea yakiwa yanasubiri. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine, kwa sababu linategemea jambo ambalo mkulima ana uwezo nalo: siku ambazo maji yatakaa lamboni kabla ya kutumika.

Tuchukue shamba moja la mfano. Juu yake kuna mteremko wa hekta moja, malisho yenye vichaka na njia za ng'ombe, na maji yake yanaweza kuongozwa kwa mfereji hadi lamboni. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hapa tusipige hesabu kwa mvua ya mwaka mzuri. Lambo linahitajika zaidi mwaka mbaya, kwa hiyo tuchukue msimu wa milimita 400. Mteremko wote utapokea mita za ujazo 4,000.

Sehemu kubwa ya maji hayo haitafika lamboni. Kwenye malisho kama haya, sehemu 15 kwa 100 za mvua ya msimu kutiririka ni makisio ya kiasi. Shamba lililolimwa kwa matuta hutoa chini ya hapo, na ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu hutoa zaidi. Kongwa ina sifa ya kale katika jambo hili. Mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulisumbuliwa, pamoja na mengine mengi, na udongo uliokauka hadi kuwa mgumu kama saruji na kuharibu majembe ya matrekta. Ugumu huohuo uliomshinda mlimaji unamfaa mchimba lambo, kwa kuwa mvua hugonga juu na kukimbia.

Namna mvua inavyonyesha nayo ina nguvu kuliko jumla yake. Manyunyu ya milimita 8 juu ya ardhi kavu huishia pale yalipoanguka, na mfereji haupati kitu. Mvua moja ya milimita 40 ndani ya saa moja inaweza kuleta maji kuliko wiki nzima ya manyunyu. Mkulima mwenye kipima mvua, hata kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, akiandika kila mvua na kuangalia kama mfereji ulitiririka, baada ya msimu mmoja atalijua eneo lake kuliko jedwali lolote la kitabu. Kwa sasa tuibebe hiyo 15 kwa 100: mita za ujazo 4,000 zinatupa 600.

Basi tuchimbe lambo litakalojaa hata mwaka huo mbaya: mita 20 kwa 15 juu, kina mita 3, na kuta zenye mshazari, kila mita moja ya kwenda chini ikiingia ndani mita moja na nusu. Sakafu itabaki mita 11 kwa 6. Kuta zilizosimama wima zingeshika maji mengi zaidi, lakini zikilowa zitaporomoka. Kwa umbo hili lambo linabeba kama mita za ujazo 500, na zile 100 zinazozidi zipite kwenye utoro, yaani njia pana iliyoandaliwa kutolea maji ya ziada bila kukata tuta. Kabla ya mdomo wa lambo pachimbwe shimo la kunasa mchanga na tope, la kuzolewa kila baada ya mvua kubwa. Lisipokuwepo, tope hilo litaingia lamboni na kupunguza kina mwaka hadi mwaka.

Kina kina maana kubwa. Lambo la kina cha mita moja lenye mita zilezile 500 lingehitaji uso wa zaidi ya mita za mraba 500, na jua hula kwa kadiri ya uso. Kwa hiyo tunakwenda chini kadiri mwamba na nguvu za mikono vinavyoruhusu.

Sasa mmea. Tunataka robo eka ya nyanya, karibu mita za mraba 1,000. Katika hali ya hewa ya Dodoma nyanya hutumia kwa wastani milimita 4.5 kwa siku, ambazo kwa siku 100 shambani ni milimita 450, au mita za ujazo 450. Tukimwagilia kwa mipira ya matone, ambayo nayo hupoteza kidogo, tunahitaji 500. Tukimwagilia kwa mifereji ya wazi, karibu nusu ya maji hupotea, na mahitaji yanakaribia 900. Lambo letu haliwezi mifereji.

Kwa mbio za haraka, 500 dhidi ya 500 inaonekana imetosha. Lakini tuseme miche inapandikizwa katikati ya Aprili, mvua zikiwa zinaaga. Maji ya mwisho yatasubiri siku 100. Uso wa lambo hupungua maji yanaposhuka, kwa hiyo tuchukue wastani wa mita za mraba 200. Jua likila milimita 6 kwa siku, mita za ujazo 120 zimekwenda. Ardhi nayo inakunywa. Sakafu ikiwa ya kichanga na ikavuja milimita 20 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa udongo wa namna hiyo, hasara itafika mita za ujazo 400 kwa siku hizo. Ukijumlisha, maji yote yamekwisha na nyanya hazijapata kitu. Ndiyo maana kuziba sakafu kunatangulia kila hesabu nyingine.

Tuzibe mpaka uvujaji ushuke hadi milimita 2 kwa siku. Sasa ardhi inachukua 40 tu, jua 120, na zao linabakiwa na 340. Hizo zinatosha mita za mraba 680, siyo robo eka.

Kisha tusogeze tarehe. Tupandikize mwanzoni mwa Machi. Wiki sita za mwanzo mvua bado ipo, na hata ya mwaka mbaya tuseme itaupa mmea milimita 100. Lambo linadaiwa milimita 350 badala ya 450, na kwa matone hiyo ni kama mita za ujazo 390. Kinachochotwa Machi kinarudishwa na mvua zinazofuata, na baada ya mvua kukatika zinabaki siku kama 60 tu za kusubiri. Jua linachukua 72, ardhi 24, na zinabaki zaidi ya 400. Lambo ni lilelile, lakini robo eka nzima imetosha. Gharama yake ni ukungu: majani ya nyanya yanayolowa kwa mvua huugua, kwa hiyo miche itahitaji nafasi, miti ya kuegemea na ukaguzi wa karibu. Naona ni bei inayolipika kuliko kuchimba lambo la pili.

Turudi kwenye sakafu, maana hesabu yote imesimama juu ya zile milimita 2. Kabla ya kuchimba, toa shimo la majaribio la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi, lijaze tena jioni. Kesho yake asubuhi, kama sehemu kubwa ya maji ipo, udongo huo ukishindiliwa utafaa. Kama shimo ni kavu, lazima udongo wa mfinyanzi uletwe au plastiki itandikwe.

Mfinyanzi hupatikana mbugani kwenye udongo mweusi, na udongo wa kichuguu nao hushikamana vizuri. Tandaza tabaka la sentimita 15, uwe na unyevu kiasi kwamba ukiufinya unabaki donge bila kulowesha kiganja, ushindilie hadi usibonyee, kisha tabaka linalofuata, mpaka unene wa sentimita 30 uliokwisha kushindiliwa. Ukiwa mkavu hautashikana, ukiwa tope utakauka na kupasuka. Sakafu na kuta za lambo letu zina mita za mraba karibu 350, kwa hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 100 za mfinyanzi, na shimo lichimbwe kubwa zaidi kwa sentimita hizo 30 ili ujazo usipungue. Udongo mweusi wa mbuga una tabia moja ya hatari: ukikauka hufunguka nyufa. Ufunike kwa tabaka la udongo wa kawaida, na uacheni maji kidogo chini, lambo lisikauke kabisa.

Mbuga ikiwa mbali, plastiki nzito ya malambo inaweza kuwa nafuu kuliko kusafirisha mfinyanzi. Kwa lambo hili inatakiwa karatasi ya kama mita 24 kwa 19, kingo zake zikifukiwa kwenye mtaro wa kina cha nusu mita kuzunguka mdomo. Chini yake ng'oa mizizi, okota mawe, tandika mchanga laini. Adui zake ni jua kwenye sehemu isiyofunikwa na maji, na kwato. Mbuzi mmoja akishuka kunywa anaweza kuacha matundu mengi. Mnyweshe mbali na lambo. Plastiki ikilowa huteleza, na mtoto aliyetumbukia hawezi kupanda ukuta wake, kwa hiyo uzio ni sehemu ya ujenzi, pamoja na kamba zenye mafundo zilizofungwa imara kwenye nguzo na kuning'inia mpaka majini pande zote nne.

Lambo likijaa, likaguliwe mara moja. Chagua siku tatu zisizo na mvua na usichote maji. Simamisha kijiti chenye alama lamboni, na pembeni, ndani ya maji hayohayo, weka ndoo iliyojazwa na kutiwa jiwe isielee, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Kilichopungua ndooni kimeliwa na jua. Kilichopungua lamboni zaidi ya hapo kimenywewa na ardhi. Ndoo ikishuka milimita 18 kwa siku hizo tatu na lambo likashuka 24, ardhi inachukua milimita 2 kwa siku, kama tulivyopanga. Lambo likishuka 60, uvujaji ni 14 kwa siku, na eneo la nyanya lipunguzwe msimu huo. Lambo likishapungua, tafuta sehemu ambayo haikushindiliwa, hasa kwenye kona na pale mfereji unapoingilia, kwa kuwa huko shindilio hufika kwa shida.