Dakika 90 au Kusonga Mbele: Jinsi Beti za Mechi za Mtoano Zinavyolipwa

Beti nyingi za mechi ya mtoano hujibu moja kati ya maswali mawili: matokeo yatakuwaje dakika 90 zikiisha, au ni timu gani itakayosonga mbele. Kwenye ligi maswali hayo hayagongani, kwa sababu mechi ikiisha sare kila timu huchukua pointi yake na kuondoka. Kwenye mtoano lazima mmoja atolewe. Ndiyo maana timu inaweza kubeba kombe huku mkeka wa mtu aliyeipa ushindi ukiwa umechanika, na kampuni iwe imelipa kwa haki kabisa.

Chaguo la kawaida, lile linaloandikwa 1X2 kwenye skrini, hufungwa refa anapopuliza filimbi ya kumaliza kipindi cha pili. Namba 1 ni timu inayotajwa kwanza, X ni sare, 2 ni timu ya pili. Dakika 90 za beti hii zinabeba ndani yake dakika za majeruhi, hata zikiwa nyingi kiasi gani. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 9 Desemba 2022, Argentina iliongoza Uholanzi 2-1 hadi dakika ya 11 ya muda wa majeruhi, ndipo Wout Weghorst aliposawazisha kwa mpira uliotokana na faulo. Bao hilo lilihesabiwa, na 1X2 ikalipwa kama sare ya 2-2. Ushindi wa Argentina kwa matuta baadaye usiku ule haukubadilisha chochote kwenye beti hiyo.

Kinachoachwa nje ni dakika 30 za muda wa ziada pamoja na matuta. Hakuna mechi inayoonyesha jambo hili wazi kuliko fainali ya mashindano hayohayo, Argentina na Ufaransa, iliyochezwa Lusail tarehe 18 Desemba. Lionel Messi alifunga kwa penalti dakika ya 23 na Ángel Di María akaongeza la pili dakika ya 36. Kylian Mbappé akajibu kwa penalti dakika ya 80 na bao jingine dakika ya 81. Dakika 90 zikaisha 2-2. Kwenye muda wa ziada Messi alifunga dakika ya 108, Mbappé akasawazisha kwa penalti dakika ya 118, ikawa 3-3. Argentina ikashinda matuta 4-2.

Aliyechagua Argentina kwenye 1X2 alipoteza, na aliyechagua Ufaransa alipoteza vilevile. Aliyelipwa ni mwenye sare. Aliyecheza Argentina kutwaa kombe alilipwa. Aliyechukua chaguo la Argentina au sare kwa pamoja alilipwa pia. Yule aliyecheza Argentina kwa sharti la kurudishiwa dau ikitokea sare alirudishiwa fedha yake ileile bila faida, ingawa timu yake ilikuwa inazunguka uwanja na kombe mkononi.

Upande wa mabao ndio unaowaumiza watu zaidi, kwa sababu ubao wa uwanja unasema jambo moja na mkeka unasema jingine. Mabao yalikuwa sita kwa macho ya kila mtazamaji, lakini kwa beti ya dakika 90 yalikuwa manne. Mtu aliyebashiri mabao zaidi ya 4.5 alipoteza. Mbappé alifunga hat-trick, ila aliyebashiri kwamba angefunga matatu kwenye mechi hiyo kwa masharti ya dakika 90 hakupata kitu, maana la tatu lilikuja dakika ya 118. Bao hilohilo lakini lilihesabiwa kwenye ufungaji bora wa mashindano, ambako Mbappé alimaliza na 8 dhidi ya 7 ya Messi. Matuta hayaingii kokote kati ya hesabu hizi. Messi na Mbappé wote wawili walifunga mikwaju yao siku ile, na hakuna aliyeongezewa bao.

Kampuni nyingi huuza pia beti za muda wa ziada peke yake. Hapo hesabu huanza upya kwenye 0-0, kwa hiyo muda wa ziada wa Lusail ulilipwa kama sare ya 1-1. Zipo pia beti za namna ya ushindi, ambapo mchezaji hutaja timu pamoja na njia: ndani ya dakika 90, kwenye muda wa ziada, au kwa matuta. Aliyetaja Argentina kwa matuta ndiye pekee aliyepatia.

Odi zenyewe husaidia kutambua mtu anashika beti gani. Tuseme timu ina nafasi 45 katika 100 za kushinda ndani ya dakika 90, sare ina nafasi 28, na mpinzani 27. Kwa ushindi wa dakika 90, odi ya haki ni 100 kugawanya kwa 45, yaani 2.22. Ikiwa sare zile 28 zitaishia nusu kwa nusu baada ya muda wa ziada na matuta, nafasi za timu hiyo kusonga mbele zinafika 59, na odi ya haki inashuka hadi 1.69. Kampuni itapunguza kidogo kote kuwili ili ipate chake, lakini pengo litabaki. Dau la shilingi 10,000 lingerudisha takriban 22,200 upande mmoja na 16,900 upande mwingine. Odi kubwa haikutolewa kwa ukarimu. Ndani yake mchezaji amebeba hatari ya sare.

Mechi za nyumbani na ugenini huongeza mtego mwingine: 1X2 ya marudiano haijui kilichotokea mechi ya kwanza. Mwaka 2023, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba iliifunga Wydad 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Casablanca, na mechi ikaenda moja kwa moja kwenye matuta bila muda wa ziada. Wydad ikapita kwa 4-3. Beti ya Wydad kushinda marudiano ililipwa kwa bao lile la uwanjani, si kwa matuta. Miezi hiyohiyo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikapoteza 2-1 nyumbani mbele ya USM Alger, kisha ikashinda 1-0 Algiers. Aliyeibashiria Yanga mechi ya marudiano alilipwa. Aliyeibashiria kombe alipoteza, kwa kuwa jumla ilikuwa 2-2 na USM Alger ilikuwa na bao moja zaidi la ugenini.

Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha mkeka kuna mambo mawili ya kusoma. La kwanza ni jina la chaguo: kama halitaji kufuzu, kusonga mbele au kutwaa kombe, lichukuliwe kuwa la dakika 90. La pili ni kanuni za mashindano yenyewe, kwa kuwa yapo yanayocheza muda wa ziada na yapo yanayokwenda moja kwa moja kwenye matuta. Beti ya muda wa ziada kwenye mashindano ya aina ya pili haina mechi ya kuihukumu.