Tenda 20 Bila Ushindi: Uliangukia Hatua Gani?

Mfanyabiashara mdogo anayeuzia serikali za kaunti vifaa vya ofisi akikosa tenda mara kwa mara, jambo la kwanza analofanya ni kukata bei. Uamuzi huo unamuuma, na mara nyingi haumsaidii, kwa kuwa huenda bei yake haijawahi kulinganishwa na ya mtu yeyote.

Nchini Kenya, tenda ya umma huchujwa kwa hatua: kwanza stakabadhi za lazima, kisha uwezo wa kuifanya kazi, na mwisho bei. Anayeanguka hatua moja hafiki inayofuata. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaitaka taasisi imjulishe kila aliyekosa na kumpa sababu. Wengi huisoma barua ya taarifa hiyo mstari mmoja tu, kisha huitupa. Naomba isitupwe.

Tuseme kampuni imeomba tenda 20 na kukosa zote. Barua zikipangwa kwa hatua, 12 zinaonyesha iliangukia stakabadhi, 5 uwezo, na 3 pekee ndizo zilizofika kwenye bei. Kukata bei kungegusa hizo 3 tu. Katika zile 12, sababu moja inajirudia: nambari za kurasa. Sheria inataka kurasa zote za zabuni zitiwe nambari kwa mfululizo. Mtu hupiga nambari fomu zake vizuri, halafu usiku wa mwisho anachomeka cheti cha ushuru katikati bila nambari, au ukurasa wa 46 unafuatwa na 48. Nambari zipigwe baada ya kila karatasi kuwa ndani, kisha zihesabiwe na mtu ambaye hakuiandaa zabuni hiyo.

Na moyo je? Hata mwombaji ambaye kwa kawaida hupata tenda moja katika kila kumi ana uwezekano wa asilimia 12 hivi wa kukosa 20 mfululizo. Kwa hivyo sifuri peke yake haithibitishi kwamba hufai. Lengo linaloweza kumshikilia mtu ni lile lililo mikononi mwake: katika tenda kumi zijazo, ngapi zitafika kwenye bei? Zikitoka 3 kati ya 20 hadi 7 kati ya 10, hiyo ni hatua kubwa, ingawa bado hujalipwa shilingi.

Hapo ndipo bei inastahili kuangaliwa. Siku ya kufungua zabuni, bei zikisomwa hadharani, ziandike zote. Ukizidiwa kwa asilimia 3 au 4 kila mara, zungumza na anayekuuzia bidhaa, au punguza faida kidogo. Ukizidiwa kwa asilimia 30 na washindani walewale, huenda wananunua moja kwa moja kiwandani, na ni afadhali nguvu zako uzipeleke kwenye bidhaa nyingine.